Usimwambie "nilikusaidia"

"Nimemsomesha mume wangu miaka mitatu, sasa kaajiriwa mjini na mshahara siuoni. Ijumaa akija nataka nikae naye nimwambie: mimi nilikusaidia, na wewe nisaidie mtaji wa duka la vitambaa. Niwaite wazee wa pande mbili au tukae wawili? Na mavyaa, nimwambie mwanzo au asijue? Na duka lenyewe nianze na kiasi gani?"

Shoga, shika hapo hapo. Hilo neno "nilikusaidia" limeze. Mimi nililitamka mbele ya wazee sita, ukumbini kwetu Wete, kahawa iko mkononi, na neno moja hilo likanitoa pesa ya miaka mitatu. Mzee mmoja wa upande wa mume alitua kikombe akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwa hivyo mwanangu, ulimpa?" Nami kwa ujinga wangu, nikitaka nionekane mke mwema, nikajibu, "Ndiyo, nilimpa kwa moyo mmoja." Basi. Ulichompa na akapokea ni hiba, na hiba ukishaikabidhi huirejeshi. Kikao kilikwisha kabla ya haluwa kuletwa, na haluwa nilinunua mimi.

Ukweli ni kwamba si yote niliyompa. Ada nilimkopesha, ila sikuwahi kulisema neno hilo, kwa sababu somo wangu alinifunda kuwa mke na mume hawaandikiani. "Daftari ni la dukani," alisema, "ndani ya nyumba kuna staha." Mungu amlipe anavyostahili. Yeye mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, kila shilingi aliyompa mumewe aliitia kwenye daftari chini ya godoro. Na hata msahafuni, kwenye Baqara, aya ya 282, tumeambiwa mkikopeshana kwa muda maalumu mwandikiane. Haikusemwa "isipokuwa mumeo."

Sasa tazama hesabu yangu ilivyokuwa. Ada milioni 1.2 kwa mwaka, miaka mitatu, milioni 3.6. Chumba alichokodi Unguja 50,000 kwa mwezi, miezi 30, milioni 1.5. Pesa ya matumizi 60,000 kwa mwezi, miezi hiyo hiyo, milioni 1.8. Laptopu 600,000. Jumla milioni 7.5. Ilitoka kwenye upatu, kwenye msimu mmoja wa mikarafuu ya urithi niliyoikodisha, na kwenye bangili mbili za mahari.

Hizo bangili ndizo zilizoniuma mpaka nikatia tope jambo zima. Nilimwambia nataka milioni 12, kwa kuwa dhahabu imepanda. Siku hiyo nikawa mla riba mtaa mzima. Wifi yangu, ambaye kitabu anakijua kwa jalada, alinisomea hukumu akiwa amejifunga kibwebwe. Lakini hapa alikuwa na haki, lazima niseme: niliuza bangili mwenyewe nikamkabidhi shilingi, na aliyekopa shilingi hurudisha shilingi zile zile, hata kama dunia nzima imepanda bei. Ningemkabidhi bangili zenyewe mkononi, zimepimwa kwa sonara, nikasema "nakukopesha gramu hizi," angedaiwa dhahabu ya uzito ule ule, na kupanda kwa bei kungekuwa kwangu. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekwenda kwa sonara! Nimelia kwa ajili ya safari ya dakika kumi.

Na msije hapa nyinyi wa ng'ambo mkamjaza dada wa watu Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo ni ya Bara, huku haitumiki. Huku Zanzibar kuna Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 2017, inayozungumzia kugawa mali ya ndoa pale penye mchango wa kweli. Sasa mali iko wapi? Nyumba hugawika, duka hugawika. Cheti utakikata kwa mkasi? Tena hayo ni mambo ya kuachana, nawe hujasema unataka kuachwa.

Kilichoniokoa ni ami yangu mmoja, mtu wa pole, si kadhi wala si wakili. Baada ya miezi minane ya kununiana alituita wawili tu, barazani kwake, baada ya alasiri. Hakuuliza nani kamkosea nani. Alituuliza kila fungu peke yake: siku ile pesa inatoka, wewe ulikusudia nini, na wewe uliyepokea ulifahamu nini? Chakula na chumba nilikiri mwenyewe, nilimpa, sikutaka mume wangu alale njaa. Laptopu vivyo hivyo, ilikuwa zawadi ya Idi. Tulipofika kwenye ada nikatoa simu. Mule mlikuwa na sauti yake ya mwaka wa kwanza: "Nitilie hii ada, nikianza kazi ntakulipa yote." Ile ni ahadi ya mdaiwa. Mume wangu aliisikiliza mara mbili, akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, hiyo nilikopa." Mwenyewe, bila ya mtu kumsukuma.

Kwa hivyo milioni 7.5 ikawa milioni 3.6, na milioni 3.6 inayokubaliwa na mwenye kulipa ina thamani kuliko 12 ya kwenye hasira. Tukaandika karatasi moja, kiasi na muda, mashahidi wawili wakatia saini. Akawa analipa 150,000 kila tarehe 28, miezi 24.

Ila miezi miwili ya mwanzo tuligombana tena. Alileta mtungi wa gesi na ada ya skuli ya mtoto, akasema, "Katoe kwenye lile deni." Hapo, shoga, usilegee hata kidogo. Chakula, nyumba, nguo, gharama za watoto, hiyo ni nafaka, matunzo ya mke na watoto, ilikuwa juu yake tangu siku ya ndoa, hata ungekuwa wewe tajiri kuliko yeye. Ukiiruhusu nafaka iingie kwenye deni, atakulipa kwa unga wake mwenyewe na mwisho wa mwaka utaambiwa mmemalizana. Sisi tulitenga: ya nyumba anaiacha mezani, ya deni anaituma kwenye simu, peke yake, nami namjibu "nimepokea, imebaki kadhaa." Jina la pesa halibadiliki njiani.

Ndiyo maana sipendi hiyo "na wewe nisaidie mtaji." Unataka kufunga mkoba usiojulikana kwa mkoba mwingine usiojulikana. Kesho duka likishika, atakuja kukwambia yeye ndiye aliyekufungulia, na faida nusu yake. Akikutolea pesa, mwambie kabla hujaipokea: hii ni malipo ya ile ada, au ni mkopo mpya, au tunashirikiana? Kama mnashirikiana, yeye pesa na wewe kazi, faida mnagawa kwa fungu mlilokubaliana, na hasara ikija bila ya uzembe wako ni ya pesa yake, wewe umepoteza jasho lako. Kama ni mkopo, hasara yote ni juu yako. Ni pesa ile ile, na duka lile lile.

La duka uanze na kiasi gani silijui, mimi nauza mwani. Na la mavyaa nimeshasahau uliuliza nini. Wangu alijua yote kabla yangu, na ndiye aliyemsukuma mwanawe aniwahi kwa wale wazee sita. Ijumaa ni mbali. Usiku huu fungua simu yako, rudi mpaka miezi ile ya kulipia ada, uzisikilize sauti zake moja moja, na utakayoikuta itume kwa dada yako kabla simu haijaanguka ndooni kama ilivyonianguka ile yangu ya mwanzo, na mwaka mzima wa mwisho wa maneno yake ukenda nayo.