Maswali ya Chemsha Bongo: Mzizi Mmoja, Majibu Matatu

Kidokezo kilisema "Neno litokanalo na piga, herufi sita." Nilijaza PIGIKA, jibu likatoka PIGANA. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mbagala)

Hukukosea. Aliyekosea ni mtunzi, na kosa hili nimelilalamikia mara nyingi katika safu hii kwa sababu linawanyima wajazaji waangalifu haki yao. Mzizi *pig-* katika visanduku sita unatoa maneno matatu yaliyo sahihi kabisa: *pigana*, *pigika* na *pigiwa*. Yote yanaanza kwa PIG na yote yanaishia kwa A, hivyo tofauti yao imo katika kisanduku cha nne na cha tano tu.

Sasa tazama kinachotokea neno la wima linapokatiza neno hilo la mlalo. Likipita katika kisanduku cha nne na kukupa I, umeiondoa *pigana* peke yake, na bado umebaki na *pigika* na *pigiwa*. Likipita katika kisanduku cha tano, mambo yanabadilika, kwa kuwa N inaleta *pigana*, K inaleta *pigika*, na W inaleta *pigiwa*, bila ubishi. Hali ni hiyo hiyo katika visanduku vitano, ambako *pigia* na *pigwa* zinatofautiana kwa herufi moja tu, ile ya pili kutoka mwisho. Sababu yake si ya kutafutwa mbali: vitenzi hivi vyote vinafungwa na irabu *a*, na alama ya kauli hukaa mara tu kabla ya irabu hiyo. Kwa hiyo mjazaji asishike kalamu ya wino kabla hajajua herufi ya kisanduku cha pili kutoka mwisho, na mtunzi asiache kisanduku hicho bila neno la kukikatiza.

Kama mpangilio wa jedwali haumruhusu mtunzi kufanya hivyo, basi kidokezo ndicho kibebe mzigo, na njia iliyo salama zaidi ni sentensi yenye pengo. "Watoto wame______ uwanjani" haipokei neno jingine miongoni mwa hayo matatu ila *pigana*. "Nime______ simu na shangazi" inadai *pigiwa*. "Ngoma iliyokauka ina______ vizuri" inadai *pigika*. Watunzi wajihadhari tu na sentensi za kukanusha wakati uliopo, maana humo irabu ya mwisho hugeuka, ngoma ikawa *haipigiki*, na herufi ya mwisho ya jibu ikaharibika.

PIGANIA na PIGIANA si neno moja lililoandikwa kwa namna mbili? (Msomaji, Tabata)

La. Mpangilio wa viambishi ndio unaoamua maana. Katika *pigania*, *-an-* imetangulia na *-i-* imefuata, yaani mtu anapigana kwa ajili ya jambo fulani, kama wafanyakazi wanaopigania mishahara yao. Katika *pigiana*, *-i-* imetangulia na *-an-* imefuata, yaani kila mmoja anampigia mwenzake, kama ndugu wanaopigiana simu kila Jumapili. Yote mawili yana herufi saba, na *pigisha* nayo ina saba, hivyo kidokezo kisemacho "mnyambuliko wa piga, herufi saba" ni kibovu kama kile cha msomaji wa Mbagala. Rudi tena kwenye kisanduku cha pili kutoka mwisho: I ni *pigania*, N ni *pigiana*, H ni *pigisha*.

Soma inakuwa SOMIA au SOMEA? (Msomaji, Temeke)

*Somea*. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno, na anayejaza chemsha bongo ya Kiswahili hapaswi kulibeba tena: mzizi wenye *e* au *o* huchukua *-e-* katika kauli ya kutendea na *-ek-* katika kauli ya kutendeka, na mzizi wenye *a*, *i* au *u* huchukua *-i-* na *-ik-*. Kanuni hii ina faida mezani. Neno la wima likikupa E katika kisanduku cha nne cha PIG\_\_A, usihangaike kutafuta kitenzi kipya cha mlalo, bali ufute neno la wima, kwa kuwa hilo ndilo lililokosewa.

Nilikuwa na FUNG\_KA, nikajaza FUNGIKA kwa wino. Jibu likawa FUNGUKA. Kinyume chake kabisa! (Msomaji, Kigamboni)

Hapa ndipo kisanduku cha pili kutoka mwisho kinapofikia kikomo chake, na nashukuru umeuliza. *Fungana* na *fungiwa* zinaondolewa na ile K uliyoipata, lakini *fungika* na *funguka* zote zina K mahali pale pale. Mzizi *fung-* una mwenzake wa kutendua, *fungua*, na *u* ya kutendua inakaa katika kisanduku kile kile cha tano ambacho *i* ya kutendeka ingekaa. Begi lililojaa likakubali kufungwa *linafungika*, ilhali mlango wa daladala ulioachia ghafla njiani *umefunguka*. Katika herufi nane tatizo linajirudia, kwa kuwa *fungiana* na *funguana* zote zina N mahali pa pili kutoka mwisho.

Kwa hiyo ukiona mzizi wenye kinyume cha namna hii, kama *zib-* wenye *ziba* na *zibua*, au *kunj-* wenye *kunja* na *kunjua*, unahitaji visanduku viwili vilivyokatizwa, au sentensi yenye pengo isiyo na mashaka. Vinginevyo andika kwa penseli.

Kidokezo kikisema "kauli ya kutendana", ONEKANA inakubalika? (Msomaji, Sinza)

Haikubaliki. *Onana* ndiyo kutendana. *Onekana*, *patikana* na *julikana* zina *-ana* mwishoni, lakini hakuna wawili wanaotendeana jambo: mwezi unaonekana, na haumuoni yeyote. Hizo zihesabiwe upande wa kutendeka.

Kama kanuni inaruhusu kiambishi, kwa nini kamati ikatae neno langu? (Msomaji, Kariakoo)

Kwa sababu kanuni huunda umbo, na watumiaji wa lugha ndio hulipa umbo hilo uhai. Ukibandika *-ana* kwenye *ja* unapata *jana*, na hakuna Mswahili atakayekuelewa ukisema kwamba majirani wamejana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huorodhesha minyambuliko chini ya kitomeo chake kwa vifupisho kama tde, tdk na tdn, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Hata hivyo haiwezi kuandika kila mrundikano wa viambishi, hivyo kukosekana kwa *pigishiana* humo si ushahidi kwamba neno hilo halipo. Kipimo ninachokitetea ni sentensi: mwenye kudai jibu la pili alete sentensi ambayo mtu angeitamka sokoni au nyumbani bila kulazimisha, na mtunzi aliyeshindwa kuikataa sentensi hiyo ampe alama kamili. Napinga vikali desturi ya kusema "jibu ni lile lililochapishwa" na kufunga mjadala.

SH ni kisanduku kimoja au viwili? (Msomaji, Mbezi)

Viwili, kama ilivyo kwa CH, DH na NY. Ukikihesabu kuwa kimoja, *pigisha* itaingia katika visanduku sita na kuwa jibu la nne pale ambapo tayari tuna matatu.