Kifusi cha barabara: hati ya malipo inazidi kipimo

"Nakagua barabara huku Wete. Hati ya malipo namba 4 inasema kifusi mita za ujazo 2,730. Niamini vipi?"

Ndugu yangu, usianzie kwenye hati, anzia barabarani na utepe. Kama tabaka lina urefu wa mita 2,000, upana 7 na unene 0.15 baada ya kushindiliwa, jibu ni 2,100. Ziada ya 630 ni asilimia 30 kamili, na hapo mimi hushuku mara moja kuwa wamehesabu tripu za lori. Kifusi kilicholegea hujaa zaidi kuliko kilichoshindiliwa. Soma mkataba unapima kipi. Mara nyingi ni kilichoshindiliwa. Unene nao usiukubali kwa maneno, chimbeni vishimo pamoja na mkandarasi, mtie saini.

Kwa bei ya 40,000 kila mita ya ujazo, ziada ni shilingi 25,200,000. Watakwambia "si tumezuia asilimia 10?" Kwenye ziada hiyo ni 2,520,000 tu, tena ni dhamana ya kasoro, nusu yake kwa kawaida hurudishwa kazi ikikamilika. Hati hujumlisha kazi tangu mwanzo, kwa hiyo msimamizi aandike 2,100 katika namba 5, na ziada itajikata yenyewe.