Vidonge vya mafua na safari ya alfajiri

"Wakuu, nina mafua, nameza vile vidonge vya mchanganyiko vya duka la dawa. Leo saa nne usiku nikimeza kimoja na bia mbili za Nyakato, kesho saa kumi na moja alfajiri naweza kuendesha kwenda Musoma?"

Mkuu, usiendeshe. Vingi vya vidonge hivyo vina klorofeniramini, ileile ya Piritoni. Kwa mtu mzima huchukua takriban saa 20 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ukiwasha gari saa saba baadaye, sehemu kubwa bado imo kwenye damu. Unaweza kuamka unajiona mzima kabisa huku breki unaikanyaga kwa kuchelewa. Ukifika Magu hukumbuki kipande cha barabara ulichopita, au tairi linagusa ukingo wa lami, paki ulale. Kahawa haiitoi dawa mwilini.

Bia nayo hupunguza kasi ya ubongo kama kidonge hicho, kwa hiyo ukivichanganya, mbili tu zinaweza kukulewesha zaidi kuliko ulivyozoea.

Kama safari haiahirishiki, acha bia na kidonge hicho usiku huu. Kwa homa na kichwa, meza parasetamoli tupu. Mfamasia akikupa loratadini, haisinzishi sana, ila kwa mafua ya kawaida sioni itakusaidia nini.