2% kwa mwezi inavyoizidi 3% kwa gharama

"Wakuu, nipo Ngamiani hapa Tanga, nataka milioni 1.2 ninunue friza ya samaki, nilipe miezi 12. Kampuni moja ya mikopo inanipa kwa 2% kwa mwezi, riba ya flati, inakata 36,000 ya fomu na bima kabla ya kunipa hela. SACCOS yetu inataka 3% kwa mwezi ila inayopungua. Si bora nichukue ya 2%?"

Hapana mkuu, chukua ya SACCOS. Tuanze na kampuni.

Riba ya flati hupigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi, hata ukiwa umeshalipa zaidi ya nusu. 2% ya 1,200,000 ni 24,000. Mara 12 ni 288,000. Ukijumlisha na mkopo na kugawa kwa 12, rejesho ni 124,000: laki moja ya kupunguza deni na 24,000 ya riba.

Sasa tazama mwezi wa 12. Hela yao iliyobaki mkononi mwako ni laki moja tu, lakini bado unatozwa 24,000. Mwezi huo peke yake umelipa 24%, siyo 2%. Mwezi wa kwanza ndiyo 2% kweli, na kuanzia wa pili inapanda kimyakimya kwa sababu deni linashuka na riba haishuki. Ukipiga wastani, kwa mwaka mzima ulikuwa unadaiwa 650,000 hivi, si milioni 1.2.

SACCOS wanapiga 3% kwenye salio. Rejesho lao ni kama 120,555. Mwezi wa kwanza riba ni 36,000, na hapo ndipo watu wengi hushtuka wakakimbilia kwa yule wa 24,000. Mwezi wa pili inashuka hadi kama 33,460. Kuanzia mwezi wa sita iko chini ya 24,000, na mwezi wa mwisho ni kama 3,500 tu. Riba yote kwa mwaka ni kama 246,660. Yaani "3%" inakuachia zaidi ya elfu 41 kuliko "2%".

Ili ulinganishe mikopo kwa mizani moja unahitaji riba halisi ya mwaka, ile ambayo kwenye makaratasi huandikwa APR. Inauliza hivi: kwa hela niliyopokea mkononi na marejesho nitakayotoa, ni riba gani kwenye salio inayolingana nayo? Ya SACCOS ni 3% mara 12, yaani 36%, kama hakuna makato. Ya kampuni, bila makato, ni karibu 41.7%, siyo 24%. Weka na makato: hupokei 1,200,000, unapokea 1,164,000, ila rejesho ni lilelile 124,000. Hapo inafika karibu 48%, sawa na 4% kwa mwezi. Ile 2% imejizidisha mara mbili.

Usiniamini mimi, piga mwenyewe. Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu, andika:

```
=RATE(12,-124000,1164000)*12
```

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili rejesho (alama ya kutoa isisahaulike, bila hiyo inaleta kosa), ya tatu ni hela iliyofika mkononi kweli. Jibu likija 0.48 maana yake 48%. Watu hukosea hiyo ya tatu, wanaweka kiasi cha kwenye mkataba na makato yanapotea machoni. SACCOS nao waulize kama kuna ada, uiweke vilevile. Hata wakikata 36,000 kama wenzao, bado wako chini, kwa kuwa rejesho lao ni dogo.

Kuitambua flati afisa mikopo asipoitaja: omba ratiba ya marejesho kabla ya kusaini. Safu ya riba ikiwa na namba ileile kutoka juu hadi chini, ni flati. Isipokuwa mkopo ambao kila mwezi unalipa riba tu na deni lote unalilipa mara moja mwishoni; huo salio halishuki njiani, kwa hiyo flati na inayopungua zinatoa riba sawa.

Kitu kingine kwa biashara yako: samaki wakiingia vizuri ukataka kumaliza deni baada ya rejesho la sita, SACCOS watakudai kama 653,000. Kampuni ya flati ikidai riba yote ya mkataba, ni 744,000, na kuwahi kwako hakujakuokolea hata shilingi. Wengine husamehe riba ya miezi iliyobaki, wengine hawasamehi. Uliza kipengele hicho kiko ukurasa gani wa mkataba, na kama ni ahadi ya mdomo tu, hesabu kwamba hakipo.