Simu 120 kwa siku kwenye wasifu: zipimweje?

"Wakuu, tangazo letu linataka mhudumu wa simu na gumzo la maandishi, simu 60 kwa siku, na asilimia 75 ya matatizo yamalizike kwa simu ya kwanza. Mwombaji ameandika simu 120 na asilimia 90. Nimwite?"

Ndugu, gawanya kwanza muda wake. Zamu ya saa 8, ukiondoa saa 1 ya mapumziko, ina dakika 420, kwa hiyo simu 120 zinamwachia dakika 3 na nusu kwa kila mteja, pamoja na kuandika kumbukumbu. Muda huo unatosha kwa maswali ya salio, lakini si kwa malalamiko ya bili. Huenda pia amejumlisha gumzo, ambalo mhudumu mmoja huweza kuendesha mawili au matatu kwa pamoja, ilhali simu hupokewa moja moja. Kuhusu asilimia 90, muulize ilipimwaje: ikiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeweka alama kwamba tatizo limekwisha, haina uzito sawa na ile inayohesabiwa baada ya siku 7 bila mteja kupiga tena. Mimi ningemwita, ila mwenye simu 55 za malalamiko, akitaja gumzo kando, angetangulia.