Anayetazama si mtuhumiwa: kuandika skripti ya dakika moja ya kuwaita vijana kwenye usafi wa ufukwe

Kama umejiunga na kikundi cha usafi hivi karibuni na wenzako wamekukabidhi kazi ya kuandika skripti ya video, huenda sentensi ya kwanza iliyokujia ni ileile iliyonijia mimi. Niliandika: "Tazama bahari yako. Hii ni aibu yetu sote. Wewe umefanya nini?" Tukaiwekea muziki wa huzuni na picha za Coco Beach baada ya mvua, chupa na mifuko imetapakaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Watu waliipenda na wakaisambaza. Jumamosi ilipofika tukajikuta ni sisi kwa sisi, na wageni wachache ambao karibu wote walikuwa wamepigiwa simu na mtu wanayemfahamu.

Mmoja wa wageni hao alikuwa binti ambaye video ilikuwa imemfikia wiki nzima kabla. Nilimuuliza tulipokuwa tunafunga viroba kwa nini hakutupigia mapema. Akanijibu, "Dada, kuja nilitaka tangu mwanzo. Nilidhani ni ya wanakikundi. Halafu nikajiuliza, nikifika peke yangu nitasimama na nani?"

Jibu hilo lilinifundisha kuandika skripti. Mtu aliyefikia kutazama video ya usafi mpaka mwisho hahitaji kushawishiwa kwamba taka ni mbaya, maana hilo analijua. Kinachomzuia ni maswali madogo anayoona haya kuyauliza: nitamkuta nani, nivae nini, itachukua muda gani, nikichoka naruhusiwa kuondoka? Kumlaumu hakujibu hata swali moja kati ya hayo, na kunampa sababu ya kupandisha kidole aende kwenye video inayofuata.

Lawama ina kasoro nyingine hapa Dar es Salaam: mara nyingi si kweli. Taka nyingi tunazookota ufukweni hazikutupwa na waliokuja kuogelea. Mvua za masika hujaza mitaro, mitaro humwaga kwenye mito kama Msimbazi, na Msimbazi hupita Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kinachotupwa mbali kabisa na bahari hutemwa na mawimbi mbele ya mama anayeuza mihogo, ambaye eneo lake alilifagia alfajiri. Katika video ile ya kwanza tulimpiga picha akiwa amezungukwa na taka, bila kumwomba ruhusa. Nililiona kosa hilo siku alipotuuliza kwa upole kama wateja watadhani uchafu ule ni wake. Tuliifuta video. Tangu siku hiyo hatumpigi picha mtu yeyote kabla ya kumwomba, na hatumweki mtu karibu na taka isipokuwa anaziondoa.

Kuhusu picha za uchafu uliojaa, kuna jambo unalopaswa kulijua kabla hujaziweka mwanzoni. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walifanya jaribio katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Waliweka vipande vyenye alama njiani na kubadilisha mabango. Bango lililosema kwamba wageni wengi waliopita wamechukua vipande, na kwamba hilo linaiharibu hifadhi, lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande. Lililowaomba tu wageni wasichukue lilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Bango la kwanza lilikusudia kukemea, lakini mgeni alichosikia ni kwamba hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Skripti inayosema "kila mtu anatupa taka hapa" ina hatari hiyo hiyo. Usifiche taka, ila zionyeshe zikiwa mikononi mwa mtu anayezitia kwenye kiroba, ili mtazamaji aone watu wanafanya nini.

Kuna na maneno ya kuepuka kwa sababu ya mahali tulipo. Tanzania Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na wengi wetu tumekua tukisikia kipaza sauti mtaani kikitaja wajibu, lazima na faini. Siku ile ina kazi yake, na watu huwa kwao wanasafisha mbele ya nyumba na maduka yao. Ndiyo maana sisi tunachagua Jumamosi nyingine, na kwenye skripti yetu neno "lazima" halimo. Ukilitumia, kijana anasikia amri ya mtaa na hausikii mwaliko.

Sasa nikuonyeshe skripti tuliyoandika mara ya pili, pamoja na sababu zake. Tuliilenga dakika moja. Mimi nikisoma kwa mwendo wa mazungumzo hufikisha kama maneno 100 kwa dakika, na picha nazo zinahitaji kupumua, hivyo ukizidi hapo utajikuta unakimbiza maneno. Msimulizi si kiongozi wa kikundi. Ni yule binti, maana yeye ndiye aliyekuwa na maswali.

Picha ya kwanza ni mikono inayovaa glavu, mmoja unahangaika kidogo. Sauti: "Hii ni mara yangu ya kwanza. Nimekuja peke yangu."

Halafu mwavuli wa bluu uliochomekwa mchangani, na kaka mwenye daftari. "Ukifika, tafuta mwavuli huu. Utapewa glavu, kiroba na mwenzako. Hapa tunafanya kazi wawili wawili."

Kisha kazi yenyewe, kwa karibu: vizibo, kamba za nyavu, kandambili ya mguu mmoja. "Mvua ikinyesha, mitaro huleta taka baharini na mawimbi huzitema hapa. Tunaanzia kwenye mstari wa mwani, ndipo zinapokwama. Chupa kiroba hiki, nyingine kile. Sisi tumejaza viwili."

Watu wameketi kivulini wanakunywa maji. "Ni masaa mawili. Ukichoka, kaa. Ukitaka kuondoka mapema, mwambie mwenzako. Vaa viatu vinavyofunika vidole, na uje na maji ya kunywa."

Mwisho ni kipande kile kile cha ufukwe, viroba vikipakiwa garini. "Kama Jumamosi hii una nafasi, karibu. Kama huna, mwezi ujao tupo."

Sentensi hiyo ya mwisho tulibishana nayo sana. Mwenzetu mmoja aliona inampa mtu ruhusa ya kutokuja. Ni kweli inampa, na nadhani ndiyo sentensi yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu anayejua anaweza kukataa bila kuonekana mbaya huona wepesi wa kukubali. Tena asiyeweza kuja leo haondoki na uchungu, na mwezi ujao akiiona tena hatakuwa na sababu ya kutukwepa.

Angalia pia neno "masaa". Kwenye rasimu niliandika "ni saa mbili tu", kama vitabu vinavyotaka. Tulipowaonyesha watu, wawili walielewa kwamba kazi inaanza saa 2 asubuhi. Usahihi wa sarufi haukutusaidia, tukasema kama watu wanavyosema. Mtego wa aina hiyo upo hata kwenye maandishi: ukiandika 7:00, mmoja anasoma saa 1 asubuhi na mwingine saa 7 mchana. Andika "saa 1 asubuhi" kwa ukamilifu.

Tarehe na saa hazitamkwi kabisa kwenye sauti. Zinakaa kwenye maandishi ya mwisho peke yake, kwa sababu saa yetu ya kuanza hufuata bahari. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, ufukwe hubaki mwembamba na ule mstari wa mwani husombwa au kufunikwa, kwa hiyo tunaangalia jedwali la maji na kuchagua asubuhi ambayo maji yanakupwa. Kwa kuwa sauti haina tarehe, video moja tunaitumia miezi mingi na kubadilisha maandishi tu.

Sauti rekodi ndani, si ufukweni. Upepo wa bahari huingia kwenye simu kama mngurumo na hakuna namna ya kuuondoa vizuri baadaye. Chumba chenye godoro na mapazia kinatosha, simu ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni. Halafu weka maneno yote ya msimulizi chini ya picha, maana wengi hutazama wakiwa kwenye daladala na sauti wameizima.

Kitu kimoja kitakachokuumiza usipokiangalia: kila sentensi ya skripti ni ahadi. Mara ya kwanza kuitumia tuliahidi glavu, na zikatuishia kabla ya wageni kuisha. Walioachwa bila glavu hatukuwaruhusu kuokota, kwa kuwa ufukweni hutokea vioo na hata sindano, wakaishia kushika viroba. Siku hizi mwenye kuandika skripti hukaa na mwenye kutunza vifaa wakapitia mstari kwa mstari: glavu ni jozi ngapi, mwavuli upo, gari la taka limethibitishwa, serikali ya mtaa imepewa taarifa. Jambo lisilothibitishwa linaondolewa kwenye skripti, hata kama ni zuri. Aliye chini ya miaka 18 tunamwomba aje na mzazi au mlezi, na hilo linaandikwa pamoja na tarehe.

Usitegemee kwamba video itajaza ufukwe peke yake. Wengi wanaokuja bado huletwa na mtu. Kazi ya video ni kumpa huyo mtu kitu cha kumtumia rafiki yake kwenye WhatsApp, kinachojibu maswali ambayo yeye mwenyewe angeyasahau. Ndiyo maana lawama ni hasara hapa pia: nani atamtumia rafiki yake video inayomwita mchafu?

Kabla hujaiachia, mwonyeshe mtu asiye wa kikundi, mara moja tu, kisha ichukue simu na umuulize: ukija utamtafuta nani, utavaa nini, utamaliza baada ya muda gani? Akikwama kwenye moja, rudi ukaandike upya sehemu hiyo. Sisi tulimwonyesha kijana wa bodaboda kijiweni. Alijibu yote matatu bila kusita, kisha akauliza, "Sasa dada, na choo kipo?" Katika watu wote tuliokaa kuandika skripti ile hakuna aliyefikiria choo. Tukaenda kuzungumza na wenye mgahawa wa karibu, wakakubali, na sasa kwenye maandishi ya mwisho, chini ya tarehe na saa, kuna mstari unaosema choo kipo na kiko wapi.