Namba za mistari kwenye kiambatisho cha nyimbo: niliyojifunza Lamu

Wadogo zangu mnaoanza kunakili nyimbo za uwandani kwa kiambatisho cha tasnifu, wimbo ulionifunza kazi hii ni wa vugo, niliourekodi harusini mtaa wa Langoni. Nilipounakili mara ya kwanza niliusanifisha, nikidhani nausafisha. Nilipomsomea bibi mmoja wa kikundi kilichouimba, akanikatiza: "Mwanangu, hapo umeuvunja." Nilikuwa nimeandika "macho". Yeye aliimba hivi:

```
3  K  Usiku sifumbi mato
4  W  kifua chawaka moto
```

Kwa Kiamu macho ni mato, na mato ndiyo yanayopatana na moto kwenye kina. Tangu hapo naandika lahaja kama ilivyotamkwa, neno la Kiswahili sanifu naliweka kwenye maelezo, chini ya namba ya mstari: "3. mato: macho". K ni kiongozi, W ni waitikiaji.

Mahali pa kukata mstari, sikilizeni pumzi, kisha hesabuni mizani. U-si-ku-si-fu-mbi-ma-to: nane. Wimbo ukiwa wa nane nane, nanyi mkapata tisa, rudini kwenye rekodi. Mara nyingi mimi hukuta nimehesabu "ee" ya kuvutia sauti. Hiyo iandikeni ndani ya mabano, isiingie kwenye hesabu. Lakini mstari ukibaki tisa baada ya kusikiliza tena, uacheni hivyo hivyo, ndivyo ulivyoimbwa.

Kiitikio ndicho kinachoponza wengi. Kikirudiwa mara sita, mkono unataka kuandika "x6" na kuendelea. Sikilizeni zote sita kwanza. Katika wimbo wangu, mara ya tano waitikiaji waliimba "sasa umezima moto", kwa sababu bwana harusi alikuwa ameingia. Ningefupisha mapema, mstari huo ungepotea, na ndio uliobeba sura yangu nzima. Siku hizi marudio yaliyo sawasawa nayaandika mara moja na kuweka idadi, lakini neno moja likibadilika, mstari unapata namba yake, na tukio lililosababisha linaelezwa kwenye maelezo.

Namba zenyewe msiziachie Word. Kile kipengele chake cha Line Numbers huhesabu mistari ya ukurasa, hivyo mshororo mrefu ukiangukia mstari wa pili unapewa namba mbili. Tena maneno yaliyo ndani ya jedwali hakiyahesabu kabisa. Tengenezeni jedwali la safu tatu lisilo na mipaka (namba, msemaji, maneno), mchape namba kwa mkono.

Msianze kunukuu "mst. 14" kwenye sura kabla ya kusikiliza rekodi yote mara ya mwisho. Niliwahi kugundua mstari niliouruka, nikausogeza wimbo mzima, na nukuu zote za sura mbili zikawa zinaelekeza pengine. Sasa mstari wa kuchelewa naupa 14a, wenzake wabaki walipo.